Kuwahesabu Mbung'o wa Shinyanga

Wiki hii twaendelea na masomo yetu ya historia, lakini historia yenyewe si ya vita wala ya watawala. Ni historia ya hesabu moja ndogo, ambayo mtu aliyejifunza kuzidisha na kugawanya aweza kuifanya juu ya meza yake. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kazi ngumu ni kujua wakati gani jibu lake ni la kweli, na wakati gani linatudanganya.

Twende kwanza Shinyanga, katika miaka baada ya 1920. Nchi ya Wasukuma ni nchi ya ng'ombe, na adui wa ng'ombe ni mbung'o, yule nzi wa porini anyonyaye damu. Mbung'o huwapa ng'ombe ugonjwa wa nagana, na mbung'o wa namna fulani huwapa watu malale. Kila pori lilipopanuka, mbung'o walipanuka nalo, na malisho yakapotea. Wakati ule Bwana Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa wanyama wa porini wa Tanganyika, alianza kupigana na mbung'o hapo Shinyanga, naye akaandika habari za jaribio lile katika mwaka wa 1925. Wananchi, pamoja na watemi wao, walitoka kwa maelfu na mashoka yao wakafyeka pori. Mahali pengine palichomwa moto kwa mpango, na pengine moto ulizuiwa kwa makusudi.

Sasa, ndugu msomaji, jiweke mahali pa mtu aliyefyeka. Umetoa siku nyingi za nguvu zako. Una haki ya kuuliza: je, mbung'o wamepungua? Na kama wamepungua, ni kwa nusu, au kwa moja katika kumi? Asiyeweza kujibu swali hili hawezi kujua kama mashoka yalifanya kazi, au kama ng'ombe wakirudishwa mwaka ujao watakufa tena.

Njia ya kwanza ya kujibu ilikuwa kutembea. Vijana wakamataji walifuata njia ile ile kila mara, wakisimama mahali palipopangwa, na kuwakamata kwa nyavu za mkono mbung'o waliowafuata. Mwishowe walihesabu wangapi wamekamatwa katika mwendo wa yadi 10,000, yaani kama kilomita tisa hivi. Hesabu hii ilikuwa na manufaa, kwa maana iliweza kulinganisha mwezi na mwezi. Lakini haikusema wamo mbung'o wangapi porini. Mbung'o aliyeshiba hukaa kimya chini ya tawi, wala hamfuati mtu. Majike huwafuata watu kwa nadra, na wengi wanaokuja ni madume. Basi wakikamatwa mbung'o 50 leo na 100 wiki ijayo, hatujui kama mbung'o wamezidi, au kama hali ya hewa tu imewafanya watokee zaidi. Wataalamu waliita hesabu hii wingi unaoonekana. Wao walitaka wingi wa kweli.

Mtu aliyeshughulika na wingi wa kweli ni Bwana C. H. N. Jackson, mmoja wa wachunguzi wa mbung'o katika Tanganyika. Makala yake ya kwanza juu ya jambo hili ilitoka katika mwaka wa 1933, na nyingine zikafuata mpaka mwaka wa 1948. Kabla hatujamfuata porini, tufanye jaribio dogo nyumbani.

Chukua bakuli kubwa la kunde, usizihesabu. Toa kunde 100, uzitie alama ya wino, uziache zikauke, kisha uzirudishe na kuchanganya vizuri sana. Sasa funga macho, uchote kunde 200. Tuseme katika hizo 200 umeona 10 zenye alama. Ni kusema kwamba katika kila kunde 20 ulizochota, moja ina alama. Ikiwa mchoto wako wafanana na bakuli zima, basi katika bakuli zima pia moja katika 20 ina alama. Nawe wajua kwamba zenye alama ni 100. Kwa hiyo bakuli lina kunde kama 2,000. Kanuni yake ni hii: zidisha idadi uliyotia alama kwa idadi ya mchoto wa pili, kisha ugawanye kwa idadi ya zenye alama ulizozipata tena.

100 × 200 ÷ 10 = 2,000

Fikira hii haikuanza na mbung'o. Huko Denmaki, katika miaka ya 1890, mtaalamu wa samaki Petersen alitia alama samaki bapa wa baharini, akawarudisha majini, akangoja wavuvi wamrudishie waliovuliwa. Shabaha yake ilikuwa kujua wavuvi wanachukua sehemu gani ya samaki wote. Ndiyo sababu mpaka leo kanuni hii huitwa kwa jina lake, pamoja na jina la Lincoln, Mwamerika aliyeitumia kwa bata wa porini katika mwaka wa 1930. Jackson aliichukua fikira hiyo akaipeleka kwa mdudu, tena mdudu mdogo anayeishi kwa muda mfupi.

Kazi ya porini ilikwenda hivi. Wakamataji walimshika mbung'o kwa wavu, wakamtoa kwa uangalifu bila kumvunja bawa wala mguu, na kumtia tone dogo la rangi ya mafuta mgongoni. Rangi ya tone na mahali lilipowekwa vilionyesha wiki aliyokamatwa. Kisha mbung'o aliachiliwa pale pale. Wiki zilizofuata njia zilitembewa tena, na kila mbung'o aliyekamatwa alitazamwa mgongo. Waliokuwa na alama waliandikwa mbali, na wasio na alama mbali.

Sasa tuandike taarifa ya kazi kama hiyo. Takwimu nitakazotaja ni za mfano wa darasani. Nimezichagua ziwe rahisi. Tuseme wiki ya kwanza tumetia alama mbung'o dume 400 na kuwaachilia. Wiki moja baadaye tumekamata 500, na katika hao 40 wana alama. Tukifuata kanuni ya kunde:

400 × 500 ÷ 40 = 5,000

Karani aliyefanya hesabu hii aweza kuandika katika taarifa, “Porini mna mbung'o 5,000,” akapiga muhuri na kwenda zake. Lakini wiki mbili baada ya kuachilia tumekamata tena 500, na wenye alama ni 32. Hesabu yatoa 6,250. Wiki ya tatu, katika 500 wenye alama ni 26, na hesabu yatoa karibu 7,700. Je, mbung'o wanaongezeka kwa haraka namna hii? Mwenye mashamba akisoma taarifa hii atasema kufyeka kumekuwa bure.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye somo letu. Kunde katika bakuli hazifi, hazizai, wala haziruki kwenda bakuli la jirani. Mbung'o hufanya yote matatu. Tulipotumia kanuni ya kunde tulikubali, bila kusema, kwamba mambo fulani ni kweli. Yatupasa kuyataja moja moja, na kwa kila moja kuuliza: likiwa si kweli, jibu letu litakosea upande gani?

Jambo la kwanza tulilolikubali ni kwamba kundi ni lile lile, halipungui wala haliongezeki kati ya siku ya alama na siku ya kukamata tena. Jambo la pili ni kwamba alama haimdhuru mdudu, wala haitoki, wala haipitwi na jicho la mkamataji. Jambo la tatu ni kwamba kila mbung'o, mwenye alama na asiye nayo, ana nafasi sawa ya kukamatwa, na kwamba wenye alama wamechanganyika na wenzao.

Tuanze na la pili, maana ndilo rahisi. Rangi ikimwua mbung'o, au ikibanduka, au mkamataji mchovu asipoiona, wenye alama tunaowahesabu hupungua. Namba tunayogawanya kwayo ikiwa ndogo, jibu huwa kubwa. Kwa hiyo makosa yote ya alama huelekea upande mmoja: hutufanya tuone mbung'o wengi kuliko walivyo. Namna ya kuyagundua ni kuwaweka baadhi ya mbung'o wenye alama na wengine wasio nayo katika vizimba, na kutazama kama wanakufa sawasawa na kama rangi inadumu.

Jambo la tatu lina hila zaidi. Fikiri kwamba tumetia alama leo asubuhi, na kesho tumerudi pale pale. Mbung'o wa jana waliokuwa wakizunguka njiani bado wako pale pale njiani, na walioshiba bado wamejificha majanini. Tutawapata wenye alama wengi mno, na jibu litakuwa dogo kuliko ukweli. Kinyume chake, mbung'o aliyeshikwa akatishika na kukimbia mbali hatakamatwa kesho, na jibu litakuwa kubwa mno. Kwa sababu hiyo yafaa kungoja siku kadha, ili aliyekuwa na njaa ashibe, na aliyekuwa ameshiba aone njaa tena. Yafaa pia kukamata na kuachilia katika eneo zima, si mahali pamoja tu. Kama sehemu ya wenye alama ni kubwa upande wa mashariki na ndogo upande wa magharibi, basi hawajachanganyika, na jibu moja kwa pori zima halina maana.

Sasa turudi kwenye jambo la kwanza, ambalo ndilo lililotupotosha katika mfano wetu. Sikiliza kwa makini. Ikiwa mbung'o hufa tu, na wenye alama hufa sawa na wasio nayo, sehemu ya wenye alama haibadiliki. Moja katika kumi hubaki moja katika kumi, na jibu letu ni la kweli kwa siku ile ya kuachilia. Lakini kila siku mbung'o wachanga hutoka ardhini, na kila mmoja hutoka bila alama. Hao huwazimua wenye alama, kama maji yanavyozimua maziwa. Ndiyo maana katika mfano wetu wenye alama walishuka kutoka 40 hadi 32, na kutoka 32 hadi 26, ingawa kila mara tulikamata 500. Pori halikuongezewa wengi. Wafu walikuwa wakilipwa na wachanga, na alama zilikuwa zikififia katika kundi.

Jackson hakulificha jambo hili, bali alilitumia. Aliona kwamba kama wenye alama wanashuka kwa mpango, twaweza kurudi nyuma kwa mpango huo huo mpaka siku ya kuachilia, siku ambayo bado hakuna mchanga aliyeingia. Tazama: 32 ni sehemu nne katika tano za 40. Vilevile 26 ni karibu sehemu nne katika tano za 32. Basi 40 wenyewe ni sehemu nne katika tano za namba gani? Ni za 50. Kama tungaliweza kukamata 500 siku ile ile ya kuachilia, wakiwa wamekwisha kuchanganyika, tungalipata wenye alama 50.

400 × 500 ÷ 50 = 4,000

Hilo ndilo jibu bora zaidi: mbung'o 4,000, si 5,000 wala 7,700.

Alikuwa na njia ya pili, inayokwenda upande mwingine. Badala ya kuachilia mara moja na kukamata mara nyingi, aliachilia mara nyingi, kila wiki kwa alama yake, kisha akakamata mara moja. Tuseme wiki mbili zilizopita tuliachilia 400 wenye alama ya manjano, na wiki iliyopita 400 wenye alama nyekundu. Leo katika mbung'o 500 twaona wekundu 40 na wa manjano 32. Wote wamekamatwa siku moja, katika kundi moja, kwa hiyo wachanga hawawezi kuwa sababu ya tofauti. Sababu ni kwamba wa manjano wamekuwa na wiki moja zaidi ya kufa au kuhama. Basi kwa wiki moja hubaki sehemu nne katika tano. Ni kusema kwamba katika wekundu 400 tulioachilia wiki iliyopita, walio hai leo ni 320 tu. Tukiweka 320 mahali pa 400:

320 × 500 ÷ 40 = 4,000

Njia mbili zimekutana. Ya kwanza imetuonyesha kasi ya wanaoingia, ya pili imetuonyesha kasi ya wanaotoka, nazo ni sawa. Kwa hiyo kundi hili limesimama pale pale. Kwa mtu wa mashoka habari hii yapita ile hesabu yenyewe. Jike la mbung'o huzaa funza mmoja tu kwa kila siku tisa au kumi hivi, naye funza hujichimbia ardhini, akakaa kama mwezi mmoja kabla ya kutoka nzi. Mdudu azaaye polepole hivyo hawezi kulipa vifo vingi. Kazi yoyote inayozidisha vifo kidogo, ikadumu, itamwangusha.

Yako mambo mawili ambayo hesabu peke yake haiwezi kuyaponya. La kwanza ni bahati. Tulipata 40, lakini tungalirudia siku ile ile tungaliweza kupata 35 au 47. Kwa kukisia, chukua kipeuo cha pili cha 40, ambacho ni kama 6, ukizidishe kwa mbili, upate 12. Basi namba yetu ingaliweza kuwa popote kati ya 28 na 52, na kanuni ya kunde ingalitoa popote kati ya 7,100 na 3,800. Na kama wenye alama waliopatikana ni 4 tu, jibu ni 50,000. Nzi mmoja akizidi, jibu lashuka hadi 40,000. Mmoja akipungua, lapanda karibu 67,000. Taarifa isiyosema wenye alama walikuwa wangapi haifai kuaminiwa, hata iwe imepigwa taipu vizuri namna gani.

La pili ni hili: tulihesabu nani? Tulitia alama madume yanayowafuata watu, tukakamata madume yanayowafuata watu. Mbung'o asiyemfuata mtu kamwe hamo katika 4,000 zetu, na majike hayamo. Hatuwezi kuzidisha kwa mbili tukasema tumewapata wote, maana majike na madume hawaishi muda sawa.

Kwa hiyo taarifa ya haki ingeandikwa hivi: “Tulitia alama mbung'o dume 400. Katika wiki tatu zilizofuata tulikamata 500 kila wiki, na wenye alama walikuwa 40, 32 na 26. Kwa kurudi nyuma hadi siku ya kuachilia, twakadiria madume wanaowafuata watu katika eneo hili kuwa kama 4,000, na kwa ajili ya bahati tu huenda kadirio likakosea kwa robo au zaidi. Tumechukua kuwa kweli kwamba alama haiwaui wala haitoki, kwamba wenye alama walichanganyika na wenzao, na kwamba kasi ya kuingia wageni na wachanga haikubadilika. Majike hawamo.” Ni maneno marefu kuliko “mbung'o 5,000”, lakini msomaji wake ajua la kufanya nayo.

Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1938. Fikira ya alama iliendelea bila yeye, na mwisho wake mmoja uko pwani yetu. Kuanzia mwaka wa 1994 ndege ziliwamwaga Unguja mbung'o dume waliozalishwa kwa wingi na kufanywa tasa, wakiwa wamepakwa unga wa rangi. Wachunguzi walitazama kila dume mtegoni: ni wa rangi au ni wa porini? Kadiri wa rangi walivyozidi kuwa wengi kwa kila mmoja wa porini, ndivyo walivyojua kwamba wa porini wanakwisha. Hapo nako ilibidi kuuliza swali la zamani: je, dume aliyelelewa na watu huishi na kuingia mtegoni sawa na dume wa msituni? Mbung'o wa mwisho wa porini alikamatwa katika mwaka wa 1996, na mwaka wa 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Kazi ya wiki kwa vikundi vya wasikilizaji. Fanyeni lile jaribio la kunde. Kisha, kabla ya kuchota mara ya pili, mmoja wenu aondoe kwa siri kunde 400 bila kuchagua, na atie 400 nyingine zisizo na alama. Fanyeni hesabu. Jibu likija, kila mmoja aandike limekosea upande gani, na ni lipi kati ya yale mambo matatu lililovunjwa. Baada ya hapo zihesabuni kunde zote, moja moja, mpaka ya mwisho. Hiyo ndiyo bahati yenu ambayo Jackson hakuwa nayo porini. Kwaherini mpaka wiki ijayo.